"Ameanguka jana, anachechemea": sentensi iliyonizungusha siku tatu na mguu wa Zuu

Mwaka jana mwezi wa saba mwanangu Zuu, miaka mitano, alilazwa siku tisa kwa ajili ya mguu. Kabla ya kulazwa nilizunguka siku tatu nzima hapa Dar nikitoa hela huku na kule na mtoto anazidi kuharibika, na nikikaa kufikiria chanzo cha mzunguko wote ule ni sentensi moja niliyomtumia nesi wa zahanati ya kwanza na nikairudia mbele ya dokta kama kasuku. "Ameanguka jana, sa hivi anachechemea mguu wa kulia." Sikudanganya, mi mwenyewe ndo nilivyoamini. Kumbe neno "jana" halikuwa kweli na lile neno "ameanguka" ndo lilitufunga macho wote, mimi na dokta.

Nianze Jumanne. Nimeamka kujiandaa kwenda kazini namuona Zuu anatoka chumbani anaburuza mguu, anakanyaga kwa vidole halafu anauondoa haraka kama sakafu ina moto. Namuuliza dada wa kazi kulikoni, dada anaangalia pembeni anasema "alianguka jana kwenye kibaraza mama, akicheza." Nikamshika Zuu nikamuona wa moto kidogo nikajua ni blanketi, maana analala kajifunika gubigubi hata joto la Dar likiwa vipi. Nikampa brufeni ya maji saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili asiumie njiani, nikatuma ujumbe zahanati ya jirani kwa wasap: "Habari za asubuhi. Mtoto ameanguka jana anachechemea mguu wa kulia. Eksirei ipo?" Wakajibu ipo, karibu. Basi.

Saa tatu tukamuona dokta. Sa we jiweke kwenye nafasi yake. Mtoto kaanguka jana, leo anachechemea, joto kawaida (brufeni ipo kazini, inashika masaa sita mpaka nane), mama anasema shida goti. Akapigwa eksirei ya goti, picha safi, hakuna mfupa uliovunjika. "Mama ni msuli tu umevutika, mpe panadol na brufeni, apumzike siku tano." Nikalipa elfu kumi na tano ya kumuona dokta, elfu ishirini na tano ya eksirei, elfu tisa ya dawa, nikarudi nyumbani nimefurahi. Huyo dokta simlaumu hata leo, alipewa hadithi na akatibu hadithi aliyopewa.

Usiku wa Jumanne mtoto akachemka. Hapo nilikuwa na nafasi ya kushtuka nikaipitisha, kwa sababu kwenye kichwa changu mguu ulikuwa na jina tayari, mguu ni wa kuanguka, kwa hiyo homa nikaitafutia jina lake peke yake. Malaria. Nikashuka duka la dawa mtaani, kipimo cha haraka hakuna kitu, muuzaji akasema basi itakuwa kifua au mafua yanakuja, akanipa amoksilini ya unga unachanganya na maji. Elfu nane vyote. Nikaanza kumpa usiku ule ule bila kumuuliza mtu yeyote.

Jumatano jirani akaniambia eksirei haionyeshi mshipa, mshipa ukihama anajua mama mmoja anachua vizuri sana hata wachezaji mpira wanaenda kwake. Nikampeleka. Maji ya moto, mafuta ya nyonyo, yule mama anabonyeza pale chini ya goti na Zuu analia kilio ambacho sijawahi kumsikia nacho, mimi nimemshika mabega naambiwa "mshike mama, ukimuonea huruma mshipa haurudi." Elfu kumi. Hii ndo sehemu naandika huku najisikia vibaya mpaka leo, sitaki hata kuirefusha. Ukiwa hujui kwa nini mtoto hakanyagi usimruhusu mtu amchue, iwe mfupa umepata ufa au una ugonjwa ndani, kubonyeza hakurudishi kitu, kunamuumiza tu na kunakupotezea siku.

Alhamisi jioni hakukanyaga kabisa. Ukimsimamisha anakunja mguu juu kama korongo. Nikapima joto kwa kipimajoto kwa mara ya kwanza toka yaanze, saa tatu usiku, 38.9.

Ndo nikamuita dada jikoni. Siku zote nilikuwa namuuliza kwa ukali, "ulikuwa wapi mtoto anaanguka?" na mtu ukimuuliza hivyo atakujibu kitakachomuokoa yeye. Usiku ule nilikuwa nimechoka hata ukali sina, nikamwambia mdogo wangu sikufukuzi, nataka kujua tu ilikuwaje, maana kesho dokta ataniuliza. Akaanza kulia. Kumbe Zuu hakuanguka Jumatatu. Alianguka Jumamosi saa kumi jioni, mimi nikiwa saluni, na dada alikuwa nje ya geti anaongea na mtu. Alivyoona mtoto yuko sawa akanyamaza. Jumanne alivyoona anachechemea akaogopa nitamuuliza mbona hukusema toka Jumamosi, akasogeza siku mbele.

Nikakaa nahesabu. Jumamosi. Lakini Jumapili si tulikuwa kwenye shughuli Tandika? Nikafungua simu upande wa video. Zuu yupo pale Jumapili saa mbili usiku, katikati ya watoto wenzake, singeli imefunguliwa mpaka mwisho, anaruka kwa miguu yote miwili mpaka riboni imemdondoka. Nimeiangalia ile video kama mara sita. Mtoto mwenye mfupa uliovunjika Jumamosi hawezi kuruka hivi Jumapili. Mi si dokta ila hilo hata mimi niliona, mguu ulikuwa mzima masaa zaidi ya ishirini na nne baada ya kuanguka, na ulianza kuuma baadae, pamoja na homa.

Sikulala. Dada yangu mkubwa ni nesi mkoani, nikampigia akanisikiliza akasema kitu kimoja: "Usimpelekee dokta jibu. Mpelekee ulichoona, na saa uliyoona." Akanitajia kliniki moja ya watoto ambayo wanapokea ujumbe usiku. Nikakaa mezani na karatasi kwanza, nikamuuliza dada wa kazi moja moja, nikampigia mwalimu wake wa chekechea saa kumi na moja alfajiri (alinisamehe), halafu ndo nikaandika. Nauweka hapa kama ulivyokuwa, nimetoa majina tu:

"Habari za alfajiri. Mtoto wa kike, miaka 5 na miezi 2, kilo 17. Hana selimundu, alipimwa. Hana mzio wa dawa ninaoujua.

Shida: anachechemea mguu wa kulia toka Jumanne asubuhi, leo Ijumaa. Toka jana jioni hakanyagi kabisa, anabebwa.

Kuanguka: Jumamosi saa 10 jioni, kutoka ukuta wa kibaraza, urefu unafika kiunoni kwangu, aliangukia magoti kwenye mchanga. Mimi sikuwepo, aliyeona ni dada wa kazi. Alilia dakika chache akaendelea kucheza. Jumapili usiku alikuwa anaruka, nina video. Jumatatu shule mwalimu hakuona tatizo.

Maumivu: anaonyesha kwa kidole kimoja chini ya goti kwa mbele. Akiwa amelala ametulia anavumilia, ukigusa hapo analia. Usiku huu ameamka mara 3. Kuna uvimbe kidogo, sijaona kidonda.

Joto: jana saa 3 usiku 38.9. Leo saa 11 alfajiri 38.4. Jumanne usiku na Jumatano alikuwa wa moto, sikupima.

Dawa: brufeni, mara ya mwisho jana saa 3 na nusu usiku. Amoksilini ya maji mara 3 kwa siku toka Jumanne usiku, nilinunua mwenyewe. Kipimo cha malaria Jumanne hakuna.

Mengine: Jumatano alichuliwa mguu kwa mafuta. Wiki 2 zilizopita alikuwa na jipu pajani, lilipasuka lenyewe likapona.

Eksirei ya goti Jumanne waliniambia safi, ninayo. Video ya anavyotembea natuma.

Naomba kuuliza: nije hapo leo au niende hospitali kubwa moja kwa moja?"

Ilinichukua nusu saa kuandika. Sikujibiwa kwa maandishi, nilipigiwa simu ndani ya dakika kumi. Nesi akauliza anakunywa maji? Anaongea vizuri, hajalegea? Nikasema anakunywa, anaongea ila amenuna. Akasema mama usisubiri tufungue, njoo sasa hivi, njoo na chupa zote za dawa na ile eksirei, dokta yupo anakusubiri.

Pale kliniki ndo nilielewa kila mstari ulikuwa unafanya kazi gani, maana dokta alikuwa ameusoma ujumbe kwenye simu ya nesi na hakuniuliza yale maswali ya kuanza upya, alianzia pale nilipoishia.

Cha kwanza alichosema ni kuhusu siku. Akaniambia mfupa ukivunjika au hata ukipata ufa, mtoto anajua dakika ile ile, anaweza akawa mvumilivu lakini hachezi singeli kesho yake. Kukiwa na siku mbili tatu katikati ambapo mguu ni mzima, halafu ndo maumivu yanakuja, tena yanakuja na joto, hapo kuanguka kunaweza kuwa kweli kabisa lakini sio jibu. Akasema watoto wa umri ule wanaanguka kila siku, kwa hiyo ugonjwa wowote wa mguu ukianza leo lazima utakuta kuna kuanguka jana au juzi yake, na mzazi atakukamata hapo hapo. Na kinyume chake pia ni muhimu, kama mtoto aliacha kukanyaga sekunde ile ile alipoanguka, andika hivyo, inamsaidia dokta kuangalia ufa hata kama picha haionyeshi. Hapo nikakumbuka kesi ya dada yangu nikamsimulia, mwanae wa miaka miwili alishuka naye kwenye kiteleza amempakata, kimguu kikanasa pembeni kikajipinda, mtoto akagoma kutembea lakini kutambaa anatambaa vizuri tu. Picha ya kwanza hawakuona kitu. Dokta anasema kule kutambaa ndo taarifa, maana anayetambaa bila shida magoti na nyonga vinabeba uzito, basi tafuta chini ya goti, na wiki mbili baadae kweli picha ikaonyesha mfupa wa muundi unajiunga. Kwa hiyo kama una mtoto mdogo, andika anatambaa au hatambai.

Cha pili, kidole. Mi Jumanne nilisema "goti" kwa sababu ndo neno lililokuja mdomoni. Usiku wa Alhamisi nilimuuliza Zuu nionyeshe kwa kidole kimoja, akaweka chini kabisa ya goti, mara tatu pale pale. Dokta lakini hakuanzia hapo, alianza kukunja na kuzungusha nyonga taratibu huku anamuongelesha. Nikamwambia dokta ni chini ya goti, akasema najua mama nimesoma, ila watoto wengi wenye ugonjwa wa nyonga wanasema goti ndo linauma, wanapigwa picha za goti wee na goti halina kosa, kwa hiyo mtu akiniambia goti lazima niangalie nyonga kwanza. Nyonga ya Zuu ilizunguka vizuri. Goti likakunjika kidogo kwa shida lakini likakunjika. Alivyofika kwenye mfupa wa muundi, vidole vinne chini ya goti, mtoto akaruka. Akasema sawa, hapa.

Video ilifanya kazi kuliko nilivyotegemea. Zuu alivyoona koti jeupe aligoma kushushwa, na siku ile hata angeshushwa hakanyagi, kwa hiyo hakuna dokta angeweza kuona alikuwa anatembeaje. Bahati nzuri Jumatano asubuhi nilimrekodi nikimtumia baba yake aliyeko safarini, sekunde kumi na tano tu, amevaa bukta, peku, anakuja mbele halafu anarudi. Dokta aliiangalia kwa mwendo wa polepole akasema unaona mguu wa kulia unagusa chini na kuondoka haraka, huyu anakimbia maumivu. Wapo wanaochechemea bila maumivu, mwili unayumba kila hatua kama bata, hao ni hadithi nyingine kabisa. Ukirekodi basi mvue soksi na suruali ndefu, rekodi kwa mbele na kwa nyuma, na usimtanie wala kumlazimisha, maana mtoto akijua anarekodiwa anaanza kuigiza.

Kuhusu homa sikufokewa ila niliona aibu. Akaniuliza Jumanne asubuhi ulimpa brufeni saa ngapi na dokta alimpima joto saa ngapi, nikamwambia, akatikisa kichwa tu. Sisemi mtoto anaumia umnyime dawa ili dokta amuone na joto lake, hapana, mpe, hata yeye alisema mpe. Pima kwanza, andika namba, andika saa uliyompa. Dawa ikifunika homa karatasi inaifunua. Na ukisema "alikuwa wa moto" sema pia kama ulipima au ulishika kwa mkono, ni vitu viwili.

Halafu jipu. Nikiri hapa, ule mstari wa jipu niliandika nikaufuta, nikaona nitaonekana mama mchafu na isitoshe jipu la paja la kushoto linahusiana nini na muundi wa kulia? Nikaurudisha kwa sababu dada yangu aliniambia usichague wewe. Dokta aliposoma pale ndo alikuwa amemwambia nesi anipigie. Akanielezea kwamba vijidudu vya kwenye jipu vinaweza kuingia kwenye damu vikasafiri, na kwa mtoto anayekua vinapenda kutua kwenye ncha za mifupa mirefu, karibu na magoti hasa, kwa sababu pale ndo mfupa unakua na damu inapita taratibu. Kugonga pale kidogo kunaweza hata kuwasaidia kupata pa kukaa. Kwa hiyo kule kuanguka huenda kulichangia, lakini sio kwa njia niliyokuwa naifikiria. Ugonjwa wenyewe ni maambukizi ya mfupa. Na selimundu ndo maana aliifurahia kuiona imeandikwa, kwa sababu mtoto mwenye selimundu mfupa unaweza kuuma kwa sababu yake yenyewe, na maambukizi ya mfupa yanampata kirahisi zaidi na mara nyingi kwa vijidudu vingine, hivyo dawa za kuanzia zinabadilika.

Akapimwa damu, ile iliyoandikwa CRP kwenye fomu, inayopanda mwili ukipambana na maambukizi, ikarudi juu sana, seli nyeupe juu, ultrasaundi ikaonyesha nyama zimevimba kuzunguka mfupa ila usaha haujakusanyika. Eksirei ikarudiwa, safi tena! Nikamuuliza sasa dokta mbona picha mbili safi, akasema mfupa unaougua ndani hauonekani kwenye eksirei siku za mwanzo, inachukua siku kumi mpaka kumi na nne hivi mabadiliko kujitokeza, kwa hiyo picha safi wiki ya kwanza inakuambia hajavunjika vibaya, haikuambii yuko salama. Natamani mtu angeniambia hili Jumanne. Ningeacha kuishika ile picha kama cheti.

Siku hiyo peke yake ilinigharimu laki moja na thelathini, halafu akaniandikia rufaa kwenda hospitali kubwa akalazwe kwa dawa za mshipa. Yeye mwenyewe alipiga simu kule kabla hatujatoka, na unajua alichofanya? Ule ujumbe wangu aliuomba kwa simu yake akamtumia dokta wa wodini. Tulipofika tukapokelewa na mtu anayejua habari.

Wodini ndo nililipia amoksilini. Walitoa damu ya kuotesha, ili waone ni kijidudu gani na dawa gani inakiua, kabla ya kumuanzishia dripu. Siku tatu baadae majibu: hakuna kilichoota. Dokta wa wodi akasema inawezekana sana ni zile siku tatu za amoksilini, haikutosha kuua ila imetosha kukifanya kisiote maabara, kwa hiyo tunatibu kwa kukisia, kwa dawa inayolenga yule anayesababisha mara nyingi, na tutaangalia joto na damu kama vinashuka. Vilishuka, siku ya nne akaomba chipsi. Lakini zile siku tatu nilikaa pembeni ya kitanda nawaza kama tumekisia vibaya itakuwaje, maana mtoto wa kitanda cha jirani alikuwa amekuja wiki ya tatu toka aanze kuumwa, alishafanyiwa upasuaji kutoa usaha mara mbili, na mama yake naye aliniambia, "si alianguka tu, tukawa tunamchua." Mfupa ukikaa na usaha muda mrefu unakufa kipande, kile kipande kinabaki ndani na kidonda kinatoa maji miaka na miaka. Wapo watu wazima mtaani wana vidonda vya hivyo vya utotoni.

Siku tisa, laki nne na themanini jumla ya wodi, bima yake nilikuwa sijalipia mwaka ule (usinifundishe, nimeshajifunza). Tukatoka na dawa za maji mpaka zikatimia wiki sita. Kati ya elfu sitini na saba nilizomaliza kabla ya Ijumaa, ukiondoa ya eksirei, zilizobaki zilikuwa za kuniharibia.

Watu wameniomba ule ujumbe wautumie kama fomu. Chukueni, ila mambo mawili. La kwanza, kuna hali huandiki ujumbe, unabeba mtoto unaondoka: ana homa na hakanyagi kabisa, mguu umepinda, kidole cha mguu ni cha baridi au hakisikii kikiguswa, au ukimsogeza kidogo tu mguu anapiga kelele. Mimi Alhamisi usiku kwa 38.9 na hakanyagi nilitakiwa niwe kwenye gari, sio kwenye karatasi, na dokta aliniambia hivyo hivyo bila kupepesa. Kiungo kikiwa na usaha ndani masaa yanahesabika. Ujumbe unaandika ukiwa njiani au unamuachia mtu aandike.

La pili ni kuhusu aliyeona. Andika nani aliona, na kama wewe hukuwepo sema hukuwepo. Wodini waliniuliza kuanguka kulikuwaje mara nne, watu tofauti, na mmoja akamuuliza dada wa kazi peke yake mimi nikiwa nje. Mwanzo nilikasirika, nikaona wananihisi nampiga mwanangu. Nesi mmoja wa makamo akaniambia mama kila mtoto wa mguu tunauliza hivi, tumeona mengi humu. Hadithi yangu na ya dada zilifanana kwa sababu tulishaongea ukweli jikoni. Fikiria tungeenda na ile ya Jumatatu, yeye anasema Jumatatu, mwalimu akipigiwa anasema Jumatatu mtoto alikuwa shuleni mzima mpaka saa nane.

Wiki mbili baada ya kutoka tulirudi kliniki, eksirei ya tatu. Dokta akaiweka kwenye taa akanionyesha kimstari chembamba cheupe pembeni ya muundi, mfupa mpya unajijenga juu ya pale palipougua. Zuu alikuwa anazunguka kwenye kiti cha dokta. Atapigwa picha tena kila baada ya miezi kadhaa kuangalia kama mfupa unakua sawa na mwenzake, maana ugonjwa ulikaa karibu na sehemu ya kukulia.

Dada wa kazi bado yupo. Sikumfukuza, nilimnunulia simu ndogo yenye wasap. Juzi niko kwenye kikao ikaingia sauti yake, anahema: "Mama, saa tano na dakika kumi, Zuu kaanguka kwenye kochi, kaangukia mkono wa kushoto, kalia kidogo, sa hivi anakula embe na mkono huo huo." Nikamjibu asante, rekodi anavyokula.